Slaidi Nane, Dakika Kumi: Kutoka Skrinshoti hadi Maelezo ya Msemaji

Ujumbe unaingia saa mbili usiku: "Dada, nimeitwa mkoani ghafla. Kesho naomba uniwakilishe mbele ya baraza la madiwani. Slaidi ni hizi, tumepewa dakika 15." Chini yake ipo picha moja tu. Si faili, ni skrinshoti ya kompyuta: slaidi nane zimepangwa kwa safu mbili, nne juu na nne chini, na mada yake ni sumukuvu katika mahindi. Mwenzako yuko njiani na mtandao wa safarini unakuja na kupotea. Wewe ni afisa ugani, kazi unaifahamu, ila slaidi hizo hukuziandaa, na una usiku mmoja tu.

Nimewaona wengi wakipokea picha ya namna hii na kufanya jambo lilelile. Wanaikuza kwa vidole, wanaisoma mara mbili tatu, wanalala. Kesho yake wanasimama na kuwasomea watu maandishi yaliyo ukutani. Slaidi tatu za kwanza zinakula dakika tisa, na zile za mwisho, ambazo ndizo zenye ombi, zinapitishwa mbio huku mwenyekiti akitazama saa. Hawakukosa maneno. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuamua, kabla ya kuandika sentensi hata moja, kila slaidi ipewe sekunde ngapi.

Basi tuichukue picha hiyo ya sumukuvu na tuifanyie kazi mpaka iwe maelezo ya msemaji: yale maneno anayoyashika mzungumzaji bila hadhira kuyaona, kila slaidi ikiwa na bajeti yake ya muda.

Kuisoma picha kabla ya kuiamini

Kwanza hakikisha picha imekamilika. Mwonekano huo wa slaidi nyingi kwa pamoja katika PowerPoint huitwa `Slide Sorter`, na chini kabisa upande wa kushoto wa dirisha huandikwa jumla, kwa mfano `Slide 1 of 8`. Kama aliyepiga skrinshoti aliukata mstari huo, huwezi kujua kama kuna slaidi ya tisa iliyobaki chini ya ukingo wa skrini. Angalia pia namba iliyo chini ya kila slaidi. Namba iliyopigwa mstari, na slaidi yake imefifia, ni slaidi iliyofichwa. Haitatokea ukutani, kwa hiyo haina haki ya kupewa muda. Kinyota kidogo kando ya namba kina maana yake pia: slaidi hiyo ina vitu vinavyoingia kimoja kimoja, au inaingia kwa mwendo fulani. Kwenye picha ndogo vitu hivyo vinaonekana vyote kwa pamoja, pengine vimepandana, lakini ukutani huenda ukalazimika kubonyeza mara nne ndipo slaidi ikamilike. Kila kubonyeza ni sekunde kadhaa za kungoja macho ya watu yafike.

Pili, ubora. WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi, na maandishi madogo ndiyo ya kwanza kuumia. Kabla hujahangaika kukisia, mwombe mwenzako aitume upya kwa njia ya `Document` badala ya kuituma kama picha ya kawaida, maana ikipita hivyo hufika kama ilivyo. Kisha nakili maneno ya kila slaidi kwa mkono wako kwenye daftari au kwenye kompyuta. Simu nyingi za sasa zinaweza kuyachomoa maandishi kutoka kwenye picha, na kwa maneno ya kawaida zinafanya vizuri. Kwenye tarakimu na vipimo usiziamini hata kidogo.

Katika picha yetu, slaidi ya tatu ina kiwango cha juu cha sumukuvu kinachoruhusiwa katika mahindi: 10 µg/kg. Ile alama ya kwanza ni herufi ya Kigiriki inayosimama badala ya mikro. Simu ikiisoma vibaya inaweza kukuandikia mg, na hapo mikrogramu zimegeuka miligramu. Umekiongeza kiwango cha sumu mara elfu moja, na ukikisema mbele ya madiwani hakuna atakayejua isipokuwa daktari wa wilaya aliyeketi nyuma. Slaidi ya tano ina unyevu wa mahindi makavu: 13.5%. Nukta ikipotea utasoma 135, na hilo utalishtukia mwenyewe. Lakini 3 ikionekana kama 8, utasoma 18.5, namba inayosikika sawasawa kabisa ingawa mahindi ya unyevu huo yataota ukungu ghalani. Njia ya kuligundua kosa la namna hii ni moja: linganisha kila tarakimu na unachokijua kutoka kwenye kazi, na ile usiyoijua iwekee alama.

Alama yangu ni neno ULIZA kwenye mabano ya mraba. Slaidi ya sita ina chati ya nguzo mbili, moja ndefu na moja fupi, inayolinganisha gunia la kawaida na mfuko usiopitisha hewa, na maandishi ya pembeni hayasomeki. Ni asilimia ya hasara? Ni miezi? Ni kilo? Picha haisemi. Hapo unaruhusiwa kuandika kinachoonekana tu, kwamba hasara au kipimo chochote kile kwenye gunia la kawaida ni kikubwa kuliko kwenye mfuko, kisha [ULIZA: nguzo zinapima nini, kwa tarakimu gani?]. Kusanya maswali yote, yawe matatu au manne, uyatume kwa ujumbe mmoja wenye namba, ili mwenzako akipata mtandao kwa dakika mbili aweze kujibu "1 ndiyo, 2 hapana, 3 miezi sita". Maswali yanayotumwa moja moja hujibiwa nusu.

Dakika 15 zina dakika ngapi?

Sasa muda. Kabla ya kugawanya chochote, mpigie katibu wa kikao umuulize: dakika 15 ni pamoja na maswali? Tuseme anajibu ndiyo. Maswali ya madiwani hayawezi kupewa chini ya dakika nne. Dakika moja nyingine itaondoka kwa kuitwa, kutembea hadi mbele, kuunganisha waya wa projekta na kuomba kipaza sauti kisogezwe. Zinabaki dakika 10 za kuzungumza, yaani sekunde 600.

Mtego wa kwanza uko hapo hapo. Slaidi ni nane, sekunde ni 600, na mkono unataka kugawanya: sekunde 75 kila moja. Mgawanyo huo unaonekana wa haki, lakini haki haiko kwa slaidi, iko kwa wasikilizaji. Slaidi yenye jina la mada haina cha kusema kwa sekunde 75, na slaidi ya kukausha mahindi haitoshi kwa sekunde hizo.

Mtego wa pili unaletwa na picha yenyewe. Ukizitazama slaidi nane zikiwa ndogo, jicho linavutwa na ile iliyojaa maandishi. Katika picha yetu ni slaidi ya pili: tafsiri ya sumukuvu, jina la kitaalamu la ukungu unaoitengeneza, `Aspergillus flavus`, na aina zake nne, B1, B2, G1 na G2. Slaidi ya tano, kinyume chake, ina picha moja ya mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai na mstari mmoja wa maneno. Ukigawa muda kwa kufuata wingi wa maandishi, ya pili itapewa dakika mbili na ya tano nusu dakika. Skrinshoti inakuonyesha ni kiasi gani kimeandikwa. Haiwezi kukuonyesha ni kiasi gani kinahitaji kusemwa, na mara nyingi mambo hayo mawili yanakwenda kinyume, kwa sababu mwandishi makini huacha maandishi machache pale anapokusudia kuzungumza sana.

Swali linalotoa mgawanyo wa kweli ni hili: kikao kikiisha, watu hawa wataamua nini? Jibu liko kwenye slaidi ya saba. Madiwani wanaombwa wapitishe fedha za kununua maturubai ya kuanikia na vipima unyevu kwa ajili ya vijiji. Ili diwani akubali, ni lazima aelewe kwa nini turubai, na kwa nini kipimo. Ukungu wa sumukuvu unaishi kwenye udongo, kwa hiyo mahindi yanayoanikwa chini yanalazwa juu ya chanzo cha tatizo, na mahindi yanayoingia ghalani yakiwa na unyevu yanaupa ukungu huo nafasi ya kuendelea kukua. Maelezo hayo yamo kwenye slaidi ya tano, ya kukausha, na ya sita, ya kuhifadhi. Hizi tatu ndizo za kulishwa kwanza, na nilizipa sekunde 130, 110 na 90. Jumla ni 330, zaidi ya nusu ya muda wote. Zilizobaki tano zinagawana 270.

Slaidi ya kwanza ningependa kuipa sekunde 15, lakini hili ni baraza la madiwani. Ukianza kumtaja Mheshimiwa Mwenyekiti, Mkurugenzi Mtendaji, Katibu Tawala, wakuu wa idara na viongozi wa dini, dakika nzima imekwenda kabla hujajitambulisha. Taja wawili wa juu, sema itifaki imezingatiwa, toa salamu za mwenzako na jina la mada. Hiyo ni nusu dakika. Mgawanyo mzima ukawa hivi, na namba ya mwisho kwenye kila mstari ndiyo saa inayopaswa kusomeka unapoiacha slaidi hiyo:

1. Jina la mada: sekunde 30, toka 0:30
2. Sumukuvu ni nini: sekunde 70, toka 1:40
3. Madhara na kiwango: sekunde 80, toka 3:00
4. Inavyoanza shambani: sekunde 60, toka 4:00
5. Kukausha: sekunde 130, toka 6:10
6. Kuhifadhi: sekunde 110, toka 8:00
7. Ombi kwa halmashauri: sekunde 90, toka 9:30
8. Shukrani na mawasiliano: sekunde 30, toka 10:00

Hiyo safu ya "toka" ndiyo ninayoitetea kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Watu wengi huandika tu "sekunde 110" juu ya slaidi ya sita na kudhani wameweka bajeti. Ukiwa umesimama mbele ya watu huwezi kukumbuka slaidi hiyo uliianza saa ngapi, sembuse kutoa 6:10 kwenye 7:40 kichwani huku ukizungumza. Lakini unaweza kutupa jicho kwenye saa, ukaona 7:40, ukaona kwenye karatasi "toka 8:00", na ukajua papo hapo una sekunde 20. Nilizipanga pia namba hizo ili mbili kati yake, 4:00 na 8:00, ziwe dakika kamili. Hapo ndipo pa kujipima. Mahali pengine usiiangalie saa, zungumza.

Kasi ya ulimi, na tarakimu zinazodanganya

Sekunde hugeuzwa kuwa maneno kwa kujua kasi yako. Usichukue kanuni za vitabu vya Kiingereza, zinazotaja maneno 130 hadi 150 kwa dakika. Neno la Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo maneno yetu ni machache na marefu zaidi. Jipime mwenyewe. Simama, weka saa ya simu dakika mbili, soma kwa sauti ya mkutanoni maandishi ya aina hiyohiyo utakayoyasema, kisha hesabu maneno na ugawanye kwa mbili. Ukisoma umekaa, kwa sauti ya chini, utapata kasi ambayo hutaiona tena ukumbini. Tuseme umepata maneno 100 kwa dakika. Slaidi ya tatu, yenye sekunde 80, inaweza kubeba maneno 133 kama utaongea bila kutua. Ila ina kiwango ambacho watu watataka kukisoma wenyewe na ina habari ya vifo, inayodai kimya kidogo. Toa sekunde 20 kwa ajili hiyo, zinabaki 60, yaani maneno 100.

Na hapa kompyuta itakupotosha bila kujua. Ukiandika 2016, programu inahesabu neno moja. Mdomo unasema elfu mbili na kumi na sita, maneno sita. Ukiandika 68, mdomo unasema maneno matatu. Kwenye slaidi ya ombi mambo yanazidi, maana fedha zina tarakimu ndefu: 17,450,000 ni neno moja kwa kompyuta, lakini wewe utatamka milioni kumi na saba, laki nne na elfu hamsini, maneno tisa. Slaidi ya saba ina viwango sita vya namna hiyo. Ukivisoma vyote umeongeza maneno yapata 48 yasiyoonekana kwenye hesabu, karibu nusu dakika, na hakuna diwani atakayevikumbuka. Taja jumla, ikadirishe kwa sauti, taja kiwango kimoja kinachoeleweka, kama bei ya turubai moja, na viache vingine ukutani visomwe kwa macho.

Haya ndiyo maelezo ya slaidi ya tatu kama nilivyoyaandika:

"Mwaka 2016, waheshimiwa madiwani, sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Walioripotiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. [KIMYA] Ini ndilo liliharibika: macho ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika. Kiwango cha Afrika Mashariki kinasema kilo moja ya mahindi isizidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa jumla. [ONYESHA] Ni kidogo kiasi gani? Chukueni gunia la kilo 100. Sumukuvu yote inayoruhusiwa ndani ya gunia hilo zima haizidi miligramu moja. Kwa macho huwezi kuiona, kwa ulimi huwezi kuionja, na kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo maana kazi tutakayoizungumza leo inafanyika kabla mahindi hayajafika jikoni. Tuanze shambani."

Ukiyaacha maagizo ya kwenye mabano, kompyuta inahesabu maneno 91. Ukiyatamka ni 99. Tazama pia kilichoachwa. Slaidi inataja kiwango kingine, cha aina ya B1 peke yake, ambacho ni mikrogramu 5. Sikukisema, kwa kuwa kipo ukutani na atakayekihitaji atakiuliza. Badala yake kimeingia kitu ambacho hakimo kwenye picha kabisa: gunia la kilo mia. Mikrogramu kumi mara kilo mia ni mikrogramu elfu moja, na hizo ni miligramu moja. Diwani aliyelima mahindi maisha yake yote hana picha ya mikrogramu, ila gunia analijua kwa mgongo wake. Maelezo ya msemaji yanapata thamani kwa nyongeza ya aina hiyo, inayotokana na hesabu iliyo mezani, si kwa kurudia mistari ya slaidi kwa maneno marefu zaidi. Na sentensi ya mwisho, "Tuanze shambani", ipo kwa sababu slaidi inayofuata ni ya shambani. Kila slaidi iishie kwa maneno yanayoifungulia mlango ijayo, uyajue kwa moyo, uyaseme huku unabonyeza.

Slaidi ya tano na chupa ya chumvi

Slaidi ya kukausha inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ina mtego wa kitaalamu na mtego wa muda kwa wakati mmoja. Mstari wake pekee unasema: unyevu usizidi 13.5%, jaribu kwa chumvi. Aliyeziandika anajua anachokusudia. Anayezirithi kutoka kwenye skrinshoti anaweza kuunganisha sehemu hizo mbili na kuwaambia watu kwamba chumvi inapima asilimia 13.5. Haipimi.

Jaribio lenyewe ni hili. Unachukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, unatia mahindi hadi robo yake, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unatikisa kwa dakika chache, kisha unaiacha itulie kwa robo saa hivi. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi takribani asilimia 15 na hayajafaa kuhifadhiwa. Isiponata, yako chini ya hapo, lakini jaribio halikuambii kama ni 14.5 au 13. Tofauti hiyo ndiyo inayohalalisha ombi la vipima unyevu kwenye slaidi ya saba. Ukisema chumvi inatosha kwa kila kitu, umeshalibomoa ombi lako mwenyewe dakika tatu kabla ya kulitoa, na diwani mmoja makini atakuuliza: kama chumvi inafanya kazi, mashine ya nini?

Mtego wa muda uko kwenye ile robo saa. Slaidi ina sekunde 130. Jaribio haliwezi kufanyika mbele ya kikao, kwa hiyo andaa chupa mbili asubuhi ukiwa ofisini, moja ya mahindi makavu na moja ya mabichi kidogo, uzifunge, uende nazo. Kwenye maelezo andika: [INUA CHUPA YA KWANZA, KISHA YA PILI, sekunde 20]. Zinabaki sekunde 110, maneno yapata 180. Nusu yake nilizipeleka kwenye udongo na turubai, nusu kwenye chumvi na mpaka wake. Kila kitendo cha mkono kiandikwe na kipewe sekunde zake kama sentensi, la sivyo kitaiba muda wa sentensi.

Slaidi ya sita nayo ina onyo moja ambalo halimo kwenye picha na lisiposemwa watu watadhurika. Mfuko usiopitisha hewa huua wadudu kwa kuwanyima oksijeni, lakini haukaushi mahindi. Mahindi yenye unyevu yakifungiwa humo yanaharibika. Ukiwa umebanwa na muda kiasi gani, sentensi hiyo haikatwi.

Kujaribu kwa sauti

Maelezo yakishaandikwa, yaseme yote kwa sauti mara moja bila kusimama. Jaribio la kwanza la slaidi hizi lilifika 11:40, sekunde 100 juu ya bajeti. Ukiangalia jumla peke yake utaanza kupunguza kidogo kila mahali, na mazungumzo yote yatapoa. Angalia ni wapi ziada imetokea. Slaidi ya pili ilichukua sekunde 125 badala ya 70, kwa sababu ya kueleza aina nne moja baada ya nyingine. Slaidi ya saba ilizidi kwa 30, zile fedha. Nyingine zote kwa pamoja zilizidi kwa 15 tu. Dawa ikawa kuondoa maelezo ya aina nne na kuacha sentensi moja, kwamba B1 ndiyo hatari kuliko zote, na kusoma jumla tu ya fedha. Hizo sekunde 15 za mwisho zilipungua zenyewe kwenye jaribio lililofuata, ulimi ulipozoea.

Weka pia mabano kwenye sentensi utakazoziruka ukichelewa, uzichague leo ukiwa umetulia. Nyingi ziwe kwenye slaidi ya nne. Madiwani wanajua ukame na kuchelewa kuvuna, na slaidi hiyo ikibaki na sentensi tatu haitaumia. Ukifika 4:00 unapaswa kuwa unaondoka hapo. Kama uko bado kwenye ya tatu, ruka yote yaliyo kwenye mabano uingie kwenye kukausha.

Ukibahatika kupata faili kabla ya kikao, maelezo hubandikwa kwenye sehemu ya `Notes` chini ya kila slaidi, na namba ya "toka" iwe mstari wa kwanza kabisa. Ukibonyeza `Alt+F5` kwenye kompyuta ya Windows utaona `Presenter View`, mwonekano wa msemaji wenye maelezo na saa, hata kabla ya kuunganisha projekta. Saa hiyo huanza kuhesabu onyesho linapofunguliwa, si unapoanza kuzungumza, kwa hiyo irudishe sifuri ukiitwa. Menyu ya `Slide Show` ina `Rehearse Timings`, inayokurekodia sekunde za kila slaidi unapojaribu. Ukimaliza itakuuliza kama uhifadhi muda huo. Andika namba kwenye karatasi, kisha jibu `No`. Ukijibu `Yes`, kesho slaidi zitajigeuza zenyewe kwa kufuata muda wa jana, ukiwa katikati ya sentensi.

Faili lisipofika, karatasi zinatosha: nusu karatasi kwa kila slaidi, herufi kubwa, namba ya slaidi na "toka" kwenye kona, zikiwa zimewekewa namba endapo zitaanguka. Kwenye karatasi hizo jihadhari na maneno "kama mnavyoona hapa". Umeme ukikatika hakuna kinachoonekana, na sentensi iliyotegemea ukuta inabaki haina maana. Andika "mahindi yameanikwa juu ya turubai, hayagusi udongo", na itasimama taa ziwake zisiwake.

Saa kumi na moja alfajiri jibu la mwenzako linaingia: nguzo za chati zinapima hasara, kwa asilimia, baada ya miezi sita ya kuhifadhi, na tarakimu zenyewe ni hizi. Futa ULIZA kwenye slaidi ya sita, andika sentensi kamili yenye tarakimu hizo, kisha itamke ukiwa na saa mkononi. Ikiwa ni sekunde 12, tafuta sekunde 12 kwenye slaidi hiyohiyo, pengine kwenye maelezo ya namna mfuko unavyofungwa, ambayo yanaweza kungoja maswali. "Toka 8:00" inabaki pale pale.